Barua Tisa za Katito

Mwezi wa Machi 1999 kipindupindu kilikuwa kimeingia tena kwenye vijiji vya ziwani, na ofisi ya mradi wetu wa afya mjini Kisumu ilikuwa na gari moja lililofanya kazi. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vinne, mkabala na mtaa wa Kaloleni. Daktari Wasike ndiye aliyekuwa mkuu. Obiero alitunza kumbukumbu, na Milka Aoko alichapisha taarifa na kuziandika kwenye daftari kubwa. Mimi nilikuja baadaye, nikalisoma daftari hilo, nikazungumza na wote wanaotajwa hapa. Saa zinazotajwa ni zile walizoandika wenyewe wakati ule.

Taarifa zilifika kwa njia mbili. Vituo vilivyokuwa na simu na kompyuta, kama zahanati ya misheni ya Katito, vilituma barua pepe. Kwa kila mgonjwa aliyepokelewa ilitumwa barua moja fupi: jina, umri, kijiji, hali. Vituo visivyo na simu vilizungumza kwa redio ya upepo mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, kisha vikazima ili kutunza betri. Rawo, ufuo mdogo ng'ambo ya Kendu Bay, ulikuwa miongoni mwa hivyo. Muuguzi wa pale aliitwa Beldina. Alifanya kazi kwenye darasa la shule, wagonjwa wakiwa wamelazwa juu ya magunia.

Barua pepe hazikukaa Kisumu. Zilikaa kwenye seva, kompyuta kuu iliyokuwa Nairobi, na mwezi wa Januari fundi alikuwa ameiweka akaunti ya ofisi kwenye kompyuta kwa njia ya IMAP, ili Kisumu na makao makuu waangalie sanduku lilelile. Barua iliyohamishwa hapa ilionekana imehamishwa kule pia. Milka alipomaliza kuandika barua kwenye daftari, aliihamishia folda ya zilizosajiliwa, na sanduku la zinazoingia likabaki tupu kusubiri mpya. Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ni kwamba barua ilifunguliwa kutoka seva kwa laini ya simu, na laini ya Kisumu ilikuwa ikikatika.

Jumatatu ya wiki ninayoisimulia ilikatika mara kumi na moja. Jioni Obiero alikaa na kitabu cha maelekezo, akaiongeza akaunti ileile mara ya pili, safari hii kwa njia ya POP. Sababu yake ilikuwa na mantiki. POP huzishusha barua zote kwa mkupuo na kuziweka ndani ya kompyuta, ukakata simu ukasoma kwa utulivu. Kwa kuwa Nairobi nao walizihitaji, aliweka alama mahali palipoagiza nakala ziachwe kwenye seva. Akaunti ya kwanza hakuiondoa. Alihofu kwamba akiifuta, barua zilizosajiliwa zingepotea nayo. Alijaribu, akaona inafanya kazi, akaenda nyumbani.

Tangu hapo upande wa kushoto wa skrini ulikuwa na masanduku mawili ya barua zinazoingia. La juu lilikuwa la ndani ya kompyuta, lililojazwa na POP. La chini, chini ya jina la seva, lilikuwa dirisha la kutazamia Nairobi. Barua moja ya Katito ilionekana katika yote mawili. Kuisoma nakala ya juu hakukuigusa ya chini: ilibaki na herufi nzito, kama barua ambayo hakuna aliyeifungua.

Obiero alimwambia Milka kwamba sasa barua zinashuka juu, na kwamba kila isiyosomwa ichapishwe, asiache hata moja. Alidhani amesema vya kutosha. Milka alichapisha za juu asubuhi. Alasiri, laini iliposhika, aliona herufi nzito kwenye sanduku la chini, akazichapisha nazo, akijua kwamba hajaacha hata moja.

Hapa mtu wa nje atauliza kwa nini hakuona kwamba ni zilezile. Aliona. Jumanne alasiri alimwendea Obiero mezani akamwambia kwamba kuna Anyango mwingine wa Katito, miaka mitano.

Lakini kulikuwa na jambo la Februari. Watoto wawili wa kike walikuwa wameletwa kituo kimoja huko Nyakach wiki moja, wote Anyango, kwa sababu wote walizaliwa kabla ya adhuhuri, wote wa miaka minne, wa kijiji kimoja. Milka alimkata mmoja kwenye daftari akidhani amejirudia. Mtoto aliyekatwa hakufuatiliwa nyumbani, na aliporudishwa kituoni alikuwa hawezi kuinua kichwa. Alipona. Obiero aliandika amri akaibandika ukutani: asikatwe mtu kwa sababu anafanana na mwingine. Katika nchi ambako watoto hupewa majina kwa saa waliyozaliwa, ilikuwa amri ya busara.

Kwa hiyo Milka alipouliza, Obiero hakuinua macho kutoka kwenye ramani aliyokuwa akiipaka rangi.

“Andika,” alisema. “Amri unaijua.”

Akaandika. Jumatano akaandika wengine bila kuuliza.

Mpaka Jumatatu jioni Katito ilikuwa na wagonjwa watano kwenye daftari. Jumanne na Jumatano zilifika barua tisa, zote za Katito. Daftari lilisema ishirini na watatu.

Alhamisi saa mbili asubuhi Beldina alizungumza kutoka Rawo. Alisema ana wagonjwa kumi na saba tangu ugonjwa uanze, tisa bado wamelala, watatu hawawezi kunywa chochote. Maji ya dripu yalikuwa yamebaki mifuko sita. Daktari Wasike alimuuliza kama itamfikisha jioni. Alijibu kwamba haitamfikisha mchana, akaomba gari, akazima redio.

Stoo ilikuwa na katoni nane za dripu, na nyingine zisingetoka Nairobi kabla ya Jumamosi. Daktari alisimama mbele ya ramani na daftari kwa muda. Rawo walikuwa kumi na saba. Katito walikuwa wametoka watano hadi ishirini na watatu kwa siku mbili, na Katito ni soko la njia panda: wa Kisii hupita hapo, na wa Kendu Bay. Ugonjwa ukikua pale kwa mwendo huo, baada ya wiki usingejulikana ulipoishia. Alimwambia Obiero kwamba hapendi, ila namba ni namba. Gari liende Katito na katoni zote, lirudi, na Rawo wapelekewe mzigo wa Jumamosi.

Milka aliniambia kwamba hapo Obiero alitamka maneno mawili tu, “Ni haki,” na kwamba alimaanisha.

Opiyo, dereva, aliondoka saa tatu na dakika kumi.

Obiero alipiga simu Katito kumwarifu muuguzi, Sista Jentrix, kwamba gari liko njiani. Simu ilikuwa na shughuli. Zahanati ilikuwa na laini moja, na kompyuta ilipotuma barua hakuna aliyeweza kupiga. Alijaribu tena na tena, akampata saa tatu na dakika arobaini. Jentrix alishukuru, akasema dripu ni dripu hata kama hajaomba. Obiero akamwambia kwamba kwa wagonjwa ishirini na watatu angehitaji kuomba.

“Wangapi?”

“Ishirini na watatu. Mpaka jana jioni.”

Jentrix alicheka. Alikuwa mwanamke wa Busia, mnene, asiyeogopa ofisi.

“Bwana Obiero, mimi nina vitanda kumi. Hao wengine nimewalaza juu ya paa? Wangu ni kumi na wanne, na saba wameshaenda nyumbani wakitembea kwa miguu yao. Mwambie huyo anayewaongeza aje awaogeshe.”

Obiero aliweka simu. Alikwenda kumwambia Daktari Wasike, ambaye alidhani Jentrix amewahesabu waliowahi kulazwa tu, si waliotibiwa bila kulala. Hilo lilikuwa limewahi kutokea. Daktari alisema gari lisisimamishwe kwa mzaha wa muuguzi, ila Obiero ahakikishe.

Alizichukua karatasi za Katito kutoka kwenye faili, ishirini na tatu, akazitandaza sakafuni kwa majina. Watano wa mwanzo walikuwa peke yao. Waliobaki walikuwa wawiliwawili: Anyango wawili wa miaka mitano, wazee wawili wenye jina moja kutoka kijiji kimoja, mama wajawazito wawili. Milka alisimama mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba aliuliza.

“Uliuliza,” Obiero alijibu.

Bado haikuwa hakika. Jina hufanana, umri hufanana, na amri ya ukutani aliiandika yeye mwenyewe baada ya mtoto kuumia. Jozi tisa zilikuwa nyingi mno kuwa bahati, lakini hakutaka kuligeuza gari kwa neno “nyingi mno”. Kila barua pepe hubeba kichwa ambacho msomaji haonyeshwi mpaka akitafute, na ndani yake mna namba ya utambulisho inayoandikwa barua inapotumwa. Watu wawili wanaweza kuitwa Anyango. Barua mbili zilizotumwa mbalimbali haziwezi kuwa na namba moja.

Nakala za juu zilikuwa ndani ya kompyuta, na Milka alikuwa ameziweka kwenye folda yake ya hapo. Kichwa cha barua ya kwanza Obiero alikisoma mara moja. Za chini zilikuwa Nairobi, kwenye folda ya zilizosajiliwa. Ilibidi modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini, ipige simu, na ofisi ya Kisumu nayo ilikuwa na laini moja. Saa tatu na dakika hamsini na tano modemu ilianza kulia. Laini ilishika mara ya tatu. Alifungua barua ya Anyango, akaomba aonyeshwe kichwa chake, akalinganisha namba yake na ile aliyoinakili kwa penseli. Tarakimu na herufi zilikuwa zilezile mpaka ya mwisho. Saa ya kutumwa ilikuwa ileile mpaka sekunde. Alifungua ya mzee. Ileile. Ya tatu ilikuwa hivyo hivyo.

Milka alisema tisa zote ni hivyo, asiendelee, akate simu. Obiero alifungua ya nne, halafu akakata. Aliniambia kwamba dakika ya barua ya nne hana maelezo nayo.

Alikwenda kwa Daktari Wasike akasema aliyoyajua, kwa mpangilio. Akaunti moja imewekwa mara mbili. Aliyeiweka mara ya pili ni yeye, Jumatatu jioni. Katito ni kumi na wanne, Rawo ni kumi na saba, na Rawo hawana dripu. Daktari alimtazama, kisha akaitazama saa.

“Lawama baadaye,” alisema. “Piga simu.”

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili. Simu ya Katito ilikuwa na shughuli. Jentrix, baada ya kucheka, alikuwa ameketi kuandika upya orodha ya wagonjwa wake wote kumi na wanne ili ofisi isikosee tena, na alikuwa anaituma. Obiero alipiga mfululizo. Milka alihesabu mara kumi na tisa. Saa nne na dakika thelathini na tano Jentrix aliitika.

Gari lilikuwa limefika saa nne na robo. Katoni zote nane zilikuwa stoo, zimepangwa, na Opiyo alikuwa anakunywa chai.

Obiero alimweleza Jentrix kwa maneno machache. Hakumwambia kwamba ni amri, kwa sababu Daktari hakuwa amesema ni amri, na kwa sababu muuguzi aliyekwisha kupokea dripu kwenye msimu wa kipindupindu hazitoi kirahisi. Jentrix aliuliza Rawo wamebakiwa na ngapi. Aliposikia, aliita wafanyakazi wake kwa sauti iliyosikika hadi Kisumu kupitia simu, akasema atabaki na katoni moja, saba zirudi garini, na Opiyo amwage hiyo chai.

Gari liliondoka Katito saa nne na dakika hamsini, likashika njia ya Kendu Bay. Hakukuwa na namna ya kumwambia Beldina. Redio yake ilikuwa imezimwa mpaka saa tisa.

Katika saa nne za kungoja Obiero alifanya kazi. Hakuifuta akaunti yoyote mpaka alipohakikisha kwamba barua zote za ndani ya kompyuta ziko pia Nairobi, moja baada ya nyingine, kwa namba. Ndipo akaiondoa ile ya POP, aliyoiweka mwenyewe, na nakala za ndani akazitia kwenye folda yenye jina la tarehe ili zisichanganyike tena. Alipiga mstari kwa kalamu nyekundu juu ya mistari tisa ya Katito, na pembeni ya kila mmoja akaandika kwamba ni barua ileile, si mtu mwingine, akatia sahihi. Aliibandua amri ukutani, akaongeza sentensi ya pili inayosema namba ya barua ilinganishwe kwanza, akaibandika tena. Milka alitaka kutia sahihi pamoja naye kwenye daftari, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wake. Alimkatalia.

Saa tisa alasiri Beldina alifungua redio. Vituo vyote vilisikiliza mawimbi hayo, kila kimoja kikingoja zamu yake. Alisema gari lilifika saa sita na dakika ishirini. Watu saba walikuwa kwenye dripu na wote walikuwa wanakojoa, neno ambalo kwa waliozoea ugonjwa huo ni habari njema kuliko zote. Waliofariki ni wawili. Bibi mmoja wa miaka sabini, saa tano na dakika ishirini. Na Absalom Oduor, mvuvi, miaka thelathini na minne, saa sita na dakika tano. Mfuko wa sita aliwekewa yeye, ukaisha saa tano, na hapakuwa na wa saba.

Obiero aliandika. Kisha, kwenye karatasi nyingine, akafanya hesabu ambayo hakuna aliyemwomba. Kama gari lingepita Katito saa nne na robo bila kusimama, lingefika Rawo saa sita kasorobo. Bibi yule lisingemkuta. Absalom Oduor lingemkuta hai, akiwa na dakika ishirini.

Daktari Wasike aliiona karatasi. Alisema kwamba kwa mwili uliokauka kiasi hicho, dakika ishirini huenda zisingetosha. Kwamba yeye ni daktari na asingeweza kuapa kwa upande wowote. Kwamba taarifa ya Nairobi inaweza kusema gari lilichelewa kwa hitilafu ya kompyuta, na huo usingekuwa uongo.

“Kompyuta ilifanya nilichoiambia,” Obiero alisema. “Mara mbili.”

Taarifa aliyoituma ina saa zote, pamoja na zile dakika thelathini na tano za Katito, pamoja na swali la Milka la Jumanne na jibu alilopewa. Nimeisoma. Haina neno la kusikitika hata moja. Nairobi walijibu kwa barua ya mistari mitatu wakiagiza kwamba akaunti zisiwekwe bila fundi.

Ijumaa saa mbili asubuhi Beldina alifungua tena redio. Kabla ya kutoa hesabu ya usiku, alisema ndugu wa marehemu Absalom wamekaa naye hapo mlangoni, baba yake na mjane wake, Benta. Wamesikia kutoka kwa dereva kwamba gari lilianzia Katito. Wanauliza kwa nini.

Daktari Wasike alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Obiero hakumpa.

“Rawo, hapa Kisumu. Ni Obiero. Waambie hivi: tuliandika wagonjwa wengi wa Katito kuliko waliokuwepo. Barua moja tuliisoma kama barua mbili. Kosa lilianzia mikononi mwangu Jumatatu, na Jumanne niliulizwa sikuangalia. Kwa sababu hiyo gari lilishusha mzigo Katito, likapoteza dakika thelathini na tano. Kama lingekuja moja kwa moja lingefika kwenu saa sita kasorobo. Waambie na saa hiyo, usiifiche. Na waambie nitakuja mwenyewe kwenye mazishi, wakinikubali.”

Hakuna kituo kilichoingilia. Ilisikika sauti ya Beldina akitafsiri kwa Kijaluo, polepole, na baada yake sauti ya mzee ikiuliza kitu kimoja, na sauti ya Beldina ikijibu kwa neno moja.

“Kisumu, nimekupata,” alisema hatimaye. “Mzee anasema mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na wewe uje asubuhi, usije na watu. Benta hajasema kitu. Sasa andika wa usiku huu. Wapya ni wawili.”

Obiero aliuliza majina, umri na kijiji, akaandika.